Nguzo Nane kwa Simu

Florentine Katungu hakuwahi kumwona Wenceslas, lakini kila asubuhi ya simu alivaa kitenge kizuri. Wenzake katika ofisi ya muungano wa wakulima wa mpunga, hapo Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, walimtania: mama, simu haina macho. Yeye alipiga ulimi kwenye meno akaendelea kunyoosha kilemba mbele ya kioo cha dirisha. Alikuwa mjane mwenye watoto wakubwa, mzaliwa wa Butembo, mtu wa kanisa na mtu wa kazi, na mtu wa kazi hapangiwi nguo na wenzake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wenceslas alikuwa mtafiti kule Yangambi, kwenye mashamba ya majaribio. Kila msimu watu wa mradi waliokaa Kinshasa walimtumia karatasi kubwa ya kubandika ukutani, yenye grafiki ya nguzo: kila aina ya mpunga na nguzo zake, ndefu na fupi, kuonyesha shamba limetoa kiasi gani. Ripoti yenye namba ilikuja baada ya mwaka, pengine zaidi, na mkulima hawezi kungoja mwaka ndipo achague mbegu. Juu ya nguzo hakukuwa na namba. Picha hazikupita, kwa sababu réseau ya simu kule Yangambi ilibeba sauti tu, tena kwa kunung'unika. Basi Wenceslas alisimama mbele ya ukuta na simu sikioni, akaieleza ile grafiki kwa mdomo, na Florentine, Kisangani, akaigeuza kuwa jedwali ambalo wakulima wa Isangi na wa njia ya Bafwasende wangeweza kusoma.

Usidhani ni jambo la kuandika tu unachosikia. Mtu akikuambia "nguzo hii ni ndefu", hajakuambia kitu. Florentine alikuwa na maswali yake na mpango wake, wala hakukubali kuambiwa nguzo hata moja kabla hajajibiwa. Kichwa cha grafiki kinasemaje? Namba za pembeni ni za nini, kilo au tani, kwa shamba lipi? Namba ya chini kabisa ni ngapi? Kutoka mstari mmoja hadi mwingine inapanda kiasi gani? Rangi ya kijani ni msimu upi, na ya njano? Ndipo nguzo zilipoanza kuja, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila moja akairudia kwa sauti kabla ya kuiandika kwenye mstari wenye jina lake. Jedwali lisilo na majina ya mistari, alisema, ni kama sufuria za kilioni zilizorudishwa bila alama: kila mtu anachukua ya mwenzake.

Swali lake la namba ya chini lilikuwa na sababu. Grafiki za mradi ule hazikuanzia sufuri. Kila msimu zilianzia tani moja, kana kwamba wamekata miguu ya nguzo zote ili zitoshe kwenye karatasi. Kwa hiyo nguzo iliyoonekana mara mbili ya mwenzake haikuwa mara mbili hata kidogo. Yenye mistari miwili juu ya msingi ilikuwa tani mbili, na yenye mistari minne ilikuwa tatu, maana mstari mmoja ulikuwa nusu tani. Florentine alilalamika juu ya jambo hilo msimu hadi msimu. "Batu banaangalia urefu, Monsieur Wenceslas," alimwambia. "Macho yao inabadanganya." Naye Wenceslas alicheka kwa ile sauti yake nzito ya kuimba besi, akasema, "Kweli, mama. Weye uko na haki."

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Baada ya nguzo ya mwisho haikukata simu. Iliuliza habari za watoto, ikaeleza mvua ya Yangambi, ikamwambia siku moja kwamba mke wake alifariki na kwamba nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Florentine hakumwambia mtu habari hiyo. Aliikunja akaiweka moyoni, na siku ile hata dereva wa toleka aliyempeleka nyumbani kwa baiskeli alistaajabu kwamba mama hakubishana bei.

Halafu akaja Plamedie.

Plamedie alikuwa msichana aliyemaliza chuo kikuu, mwembamba, mwenye vicheko vingi na vidole vyepesi kwenye kompyuta. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo lilimuudhi Florentine kuliko ubaya. Papa Mumbere Néhémie, mwenyekiti wa muungano, alimpenda mara moja kwa sababu majedwali yalitoka kwenye mashine yamenyooka. Siku moja alisimama katikati ya ofisi akasema, "Bon. Simu ya Yangambi, tangu leo iko kwa Plamedie. Mama Florentine, weye uangalie wanachama. Kazi imekuwa mingi, donc tugawane." Akaichukua simu ya ofisi kutoka meza ya Florentine na kuiweka kwenye meza ya yule mtoto, kwa mikono yake mwenyewe, kama mtu anayehamisha kiti.

Florentine alisema, "Hakuna neno, Papa." Lakini neno lilikuwepo, na lilikuwa kubwa.

Simu ya kwanza ilipolia juu ya meza ile nyingine, aliinuka akatoka. Alitaka waone kwamba ametoka. Alitaka yule wa Yangambi asikie kimya chake na kimuume. Alisimama uani kwa muuza chai, akaagiza kikombe, akakingoja kipoe, na aliporudi mlangoni alisikia Plamedie anacheka na kusema, "Ah, tonton Wence!" Tonton Wence! Kama mjomba wake! Yeye miaka yote alimwita Monsieur. Chai ikamwagika kwenye kidole, wala hakuhisi.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Simu ikilia, Florentine nje; chai ikiisha, Florentine mlangoni, sikio limesimama. Waswahili wanasema asiyekuwapo na lake halipo, lakini mwenye wivu hasikii methali, anasikia vicheko tu. Siku moja Plamedie alimfuata na kusema kwa heshima, "Mama, tonton wa Yangambi anakusalimia sana."

"Ufanye kazi yako," alimjibu. Aliona ni dhihaka. Mtu anakunyang'anya sahani, kisha anakuletea harufu ya mchuzi.

Wiki moja kabla ya mkutano mkuu wa wakulima, simu ya msimu ikaja. Ilikuwa ndiyo kubwa, si kama zile ndogo za habari za mashamba: jedwali lake lingechapishwa na kugawiwa ukumbini Jumamosi, na kila kikundi kingechagua mbegu ya kupanda kwa kulitazama. Papa Néhémie alikuwa ameshasema kwamba yule ambaye jedwali lake litasimama mbele ya wakulima ndiye atakayeshika kazi ya Yangambi moja kwa moja. Alisema akimtazama Plamedie, lakini Florentine alijiona ametajwa.

Simu ililia. Florentine akatoka, kama kawaida. Siku hiyo muuza chai alikuwa na maneno mengi juu ya bei ya sukari, na Florentine alimwacha aseme. Aliporudi, Plamedie alikuwa amefungua spika ya simu, na besi ya Wenceslas ilijaa chumba kizima.

"...mpunga wa kienyeji, kijani: ligne ya pili juu ya msingi, kamili. Njano: katikati ya ya kwanza na ya pili."

"Mustari ya pili kamili, katikati ya ya kwanza na ya pili," Plamedie alirudia.

Anarudia! Kama mimi, Florentine aliwaza, na moyo ukamwaka. Nani kamfundisha kurudia? Aliketi kwenye meza yake, akavuta kipande cha karatasi, akaandika naye. Mbegu namba tatu: kijani mstari wa tatu, njano mstari wa tatu vilevile. Namba saba: kijani mstari wa nne, njano katikati ya wa tatu na wa nne. Namba kumi na mbili: kijani mstari wa tano, njano imeanguka mpaka wa pili. Kila mstari ni nusu tani, Wenceslas alikumbusha. Jumla nguzo nane. Florentine hakuhitaji kuuliza msingi. Msingi ni tani moja, kama misimu yote. Akajumlisha bila kuinua kichwa.

Jioni jedwali la Plamedie lilitoka kwenye mashine. Florentine alilipitia akijifanya anatafuta kalamu. Lilikuwa limepangwa vizuri, hata yeye hakuweza kukataa:

Mavuno, tani kwa hekta moja
Mpunga wa kienyeji: msimu A 1,0; msimu B 0,75
Namba tatu: msimu A 1,5; msimu B 1,5
Namba saba: msimu A 2,0; msimu B 1,75
Namba kumi na mbili: msimu A 2,5; msimu B 1,0

Alilisoma mara ya pili. Kila namba ilikuwa pungufu ya yake kwa tani moja sawasawa. Mtoto amehesabu mistari kutoka sufuri! Amesahau miguu iliyokatwa!

Sitaficha jinsi alivyofurahi. Furaha ilimpanda kutoka miguuni. Alirudi nyumbani kwa miguu hadi Tshopo akiimba wimbo wa komunio, akapika lituma ya ndizi, akala sana. Angeweza kusema neno moja tu, "Plamedie, mwanangu, msingi ulikuwa ngapi?", na jambo lingekwisha palepale mezani. Neno hilo lilimjia zaidi ya mara moja wiki ile. Alilimeza kila mara, na kila mara lilikuwa tamu. Aliwaza ukumbi mzima unamgeukia. Aliwaza Papa Néhémie anarudisha simu kwenye meza yake. Aliwaza Wenceslas, ambaye safari hii angekuja mwenyewe kwa baleinière, boti ya mtoni, kuonyesha karatasi yake, akijua mbele ya watu wote kwamba bila Florentine nguzo zake ni kuni tu. Karatasi za Plamedie zilichapishwa, zikafungwa mafungu mafungu, na Florentine mwenyewe alisaidia kuzifunga.

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa. Boti ya Yangambi ilikuwa imechelewa, wakaanza bila mtafiti. Plamedie alisimama na kusoma jedwali, mstari kwa mstari. Wakulima walifuata kwa vidole kwenye karatasi zao. Alipomaliza, Florentine aliinua mkono.

Alikuwa amevaa kitenge kipya. Alitembea hadi mbele polepole, akashika chaki.

"Ndugu zangu," alisema, "namba hizi zina kosa, na mutu akipanda kwa kosa atavuna kosa. Grafiki ya Yangambi haianzii sufuri. Inaanzia moja. Mutoto hakuuliza."

Akachora jedwali lake ubaoni, lenye mistari minne yenye majina. Kienyeji, 2,0 na 1,75. Namba tatu, 2,5 na 2,5. Namba saba, 3,0 na 2,75. Namba kumi na mbili, 3,5 na 2,0. Chaki ilipiga kelele, na yeye aliipenda kelele hiyo. Hakumtazama Plamedie, lakini alijua kwamba Plamedie ameinamisha kichwa, na alilipenda hilo pia.

Papa Moïse, mkulima mzee wa Isangi, akakohoa.

"Mama, samahani. Mupunga wa kienyeji, tani mbili? Mimi napanda huo tangu kijana. Tani mbili kwa hekta ulivuna wapi, mbinguni?"

Watu wakacheka. Mama Angèle wa njia ya Bafwasende akaongeza kutoka nyuma, "Kwangu ikifika tani moja, namushukuru Mungu na natoa sadaka!" Wakacheka zaidi.

Florentine alihisi masikio yanawaka, lakini alishika chaki kwa nguvu. Mkulima anajua shamba lake, alisema, yeye anajua grafiki. Shamba la majaribio si shamba la nyumbani, linapaliliwa kwa wakati. Jibu halikuwa baya. Papa Néhémie alitazama ubao, akatazama karatasi, akatazama ubao tena.

"Plamedie," aliuliza, "ulimuuliza monsieur msingi ni ngapi?"

"Nilimuuliza, Papa," Plamedie alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa swali ya kwanza."

"Uongo," alisema Florentine. Alilisema mbele ya parokia nzima. "Nilikuwa nasikiliza."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na hapo alisimama mtu mfupi, mwenye mvi na kipara, suruali imelowa hadi magotini, karatasi iliyokunjwa kama bomba chini ya kwapa. Florentine alimtazama bila kumjua. Kisha mtu yule akasema, "Pardon, baleinière ilikwama kwa muchanga," na ukumbi wote ukapotea, ikabaki sauti ile ya besi.

Wenceslas alipita katikati ya viti akisalimia. Hakuuliza kuna nini; ubao ulimwambia. Aliitandaza karatasi yake ukutani, kando ya jedwali la chaki, na vijana wawili wakaishikilia pembe. Nguzo nane, nne za kijani na nne za njano. Pembeni namba zilishuka: mbili na nusu, mbili, moja na nusu, moja, nusu. Na chini kabisa, pale nguzo zote zilipokanyaga, kulikuwa na sufuri, kubwa, nyeusi, ambayo hata Mama Angèle aliiona kutoka nyuma.

Hakuna aliyecheka safari hii, na ingekuwa heri wangecheka. Papa Néhémie alichukua kitambaa na kufuta ubao mwenyewe. Akasema tu kwamba karatasi walizonazo ni sahihi, kila kikundi kichague, na kwamba kazi ya Yangambi imeshapata mtu wake. Vikundi vingi vilichagua namba saba, kwa sababu haikuanguka msimu B kama ile ya kumi na mbili. Florentine aliketi kwenye kiti cha mwisho kando ya ukuta, vumbi la chaki limejaa kwenye kitenge kipya, akamwonea wivu Plamedie hata kwa kule kulia kwake, maana watu walikuwa wakimbembeleza.

Mkutano ulipokwisha alitoka haraka kutafuta toleka. Wenceslas alimkuta kibarazani.

"Weye ndiye Mama Florentine," alisema. "Nimejua kwa sauti."

Florentine alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mama, sufuri ile ni yako. Niliandikia batu ya mradi mara ngapi! Niliwaambia: kule Kisangani kuko mama mumoja anasema munadanganya macho ya wakulima. Safari hii wakakubali. Nilipopiga simu, ndiyo kitu ya kwanza nilitaka kukuambia. Nikauliza: Mama Florentine iko? Wakasema ametoka. Nikasema bon, basi muniulize kwanza swali yake, ile ya namba ya chini. Yule mutoto akauliza, nikamujibu, sufuri, na nikamufundisha na kurudia, kama weye."

"Nilikuwa nje," Florentine alisema.

"Kila mara ulikuwa nje. Kila mara nilianza na kukuuliza weye." Alijipangusa kipara kwa kitambaa. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka na safari. "Nilisema labda amechoka na mimi. Mutu akichoka hatumulazimishi."

Florentine alijipangusa vumbi la chaki kwenye kitenge.

"Na ile simu ilikuwa ya mwisho," Wenceslas aliendelea. "Wamemaliza kusimika antenne kule kwetu. Mwezi ujao nitatuma photo tu, kila mutu ajisomee. Sitakuwa tena na sababu ya kupigia ofisi." Alingoja kidogo, kama alivyokuwa akingoja zamani baada ya nguzo ya mwisho, kabla ya kuuliza habari za watoto. Ndani Papa Néhémie alikuwa akimwita aje kula.

"Basi, mama, ubaki muzuri," alisema.

"Na weye, Monsieur Wenceslas," alisema Florentine, na Wenceslas akaingia ndani.